Dunduliza: Ukilipa Kabla ya Kuchukua, Nani Anamkopesha Nani?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa duka moja la vyombo vya umeme Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa kaunta buku la wateja wa dunduliza, yaani wale wanaolipia friji, jiko au televisheni kidogo kidogo, na siku wanapomaliza ndipo wanabeba. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: jina, namba ya simu, bidhaa, bei, halafu mistari ya tarehe na kiasi. Elfu tano. Elfu kumi. Elfu tatu mia tano. Kuna kurasa zilizokuwa na mistari zaidi ya mia moja.

Siku moja nilizihesabu. Wateja waliokuwa wanalipia friji ya aina moja, ile ya milango miwili, walikuwa zaidi ya thelathini. Stoo tulikuwa na friji nne.

Hakukuwa na wizi pale. Tajiri alikuwa anazungusha pesa kama mfanyabiashara yeyote: elfu tano za wateja zinakusanyika, zinanunua mzigo, mzigo unauzwa kwa wanaolipa taslimu, faida inaingia, mzigo mwingine unaagizwa. Mteja wa dunduliza akimaliza, anapewa friji kutoka mzigo wowote uliopo siku hiyo. Mambo yakienda sawa hakuna anayeona tofauti. Lakini hesabu ile ilinifumbua macho. Watu wanaamini dunduliza ni njia ya kukwepa mkopo. Kumbe mkopo upo palepale, ila anayekopesha ni mteja, na anayekopa ni duka. Mteja anakopesha bila riba, bila dhamana, na mara nyingi bila karatasi ya maana.

Sisemi hivyo ili watu waikimbie dunduliza. Inawafaa wengi, na kwa baadhi yao ni bora kuliko mkopo kwa mbali sana. Nataka tu anayelipa ajue amesimama wapi.

Nitumie hesabu ya dada mmoja wa Tandika anayeuza vitumbua. Alitaka friji ya shilingi 780,000. Alikuwa na uwezo wa kuweka pembeni elfu tano kila siku ya biashara, na kwa mwezi anafanya kazi siku 26. Hiyo ni 130,000 kwa mwezi, kwa hiyo miezi sita inatimiza 780,000 kamili. Hiyo ndiyo dunduliza yake: anamaliza mwezi wa sita, anabeba friji.

Duka la jirani lilimpa friji ileile kwa mkopo. Kianzio 200,000, anaondoka nayo siku hiyohiyo, halafu anarejesha 130,000 kila mwezi kwa miezi sita. Rejesho ni lilelile analoliweza. Jumla atakuwa ametoa 980,000. Ongezeko ni 200,000, na muuzaji akamwambia, "Dada yangu, hiyo ni kama asilimia ishirini na tano tu ya bei, kwa nusu mwaka."

Hapo ndipo hesabu inapopinda. Baada ya kutoa kianzio, deni lake halisi si 780,000, ni 580,000. Na deni hilo halikai palepale miezi sita, linapungua kila anaporejesha, ingawa sehemu ya kila rejesho inamezwa na lile ongezeko, mpaka mwezi wa mwisho linabaki laki moja na kidogo. Ukichukua wastani wa deni lenyewe kwa miezi yote sita unapata kama 360,000. Kwa hiyo analipa 200,000 kwa kutumia pesa ya watu ya kama 360,000 kwa wastani. Ukigawa kwa miezi sita, ni zaidi ya asilimia 9 kwa mwezi. Bei ya rejesho ikitajwa kwa siku au kwa wiki, "elfu tano tu kwa siku", jambo hili halionekani kabisa. Njia ya kulifichua ni moja: jumlisha kila utakachotoa, toa bei ya taslimu, kisha linganisha kilichobaki na deni baada ya kianzio, si na bei nzima.

Kwa maneno hayo dunduliza inaonekana imeshinda. Lakini dunduliza nayo ina gharama yake, ila haiandikwi popote. Kwanza, Kariakoo bei ya kutajiwa si bei ya kununulia. Mtu anayetoa taslimu mkononi anapunguziwa. Friji ile ya 780,000 nilishawahi kuiona ikitoka kwa 740,000, kwa sababu mteja alikuwa na noti mfukoni na mguu mmoja uko mlangoni. Mteja wa dunduliza anaandikiwa 780,000 na hapo ndipo anapofunga. Akishaweka malipo ya kwanza, hana tena nguvu ya kusema "naenda duka la pili". Kwa hiyo ukilinganisha na mtu aliyeweka elfu tano zake kwenye kibubu chake mwenyewe au kwenye kikoba na kwenda kununua siku ya mwisho, dunduliza imemgharimu elfu arobaini.

Pili, anakaa miezi sita bila friji. Na hili ndilo linaloamua kati ya mkopo na dunduliza kuliko jambo lingine lolote. Friji ya kuweka maji ya kunywa nyumbani haiingizi kitu, kuisubiri ni usumbufu tu. Dada yule alikuwa anafikiria kuuza barafu za ubuyu na juisi kwa watoto wa shule iliyo karibu naye. Tukapiga hesabu pamoja: akitoa umeme, sukari, ubuyu na vifuko, akabakiwa na faida ya shilingi elfu mbili tu kwa siku ya biashara, basi siku 156 za miezi sita zinampa 312,000. Hiyo inazidi 200,000 za mkopo. Kama faida ni elfu moja kwa siku, ni 156,000, na mkopo unamla. Mstari unapita kwenye shilingi 1,300 hivi kwa siku. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema mkopo ni mbaya au dunduliza ni nzuri bila kuuliza kitu chenyewe kitafanya kazi gani. Cherehani ya fundi anayeanza kazi na sofa ya sebuleni haviko kwenye hesabu moja.

Yeye alikiri kwamba hana uhakika na wateja wa barafu, shule inafungwa likizo, na umeme wa mtaani kwao unakatika. Akaamua kudunduliza. Uamuzi ulikuwa wa busara, na ninaueleza kwa sababu hiyohiyo: deni la mkopo linadai hata siku ambazo vitumbua havijatoka. Ukichelewa kwa mkopo friji inafuatwa nyumbani mbele ya majirani, na simu za mkopo siku hizi zinajifunga zenyewe. Ukichelewa kwa dunduliza, ukurasa wako kwenye kaunta buku unasubiri tu. Kwa mtu ambaye kipato chake kinapanda na kushuka, tofauti hiyo ina thamani kubwa kuliko riba.

Kuna na watu wanaochagua dunduliza kwa kukwepa riba kwa sababu ya dini. Hapa pia pana kitu wengi hawakijui. Kuuza kwa bei kubwa zaidi kwa sababu malipo yatachelewa, mradi bei iwe moja, itajwe mwanzoni na isiongezeke mtu akichelewa, wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaruhusu. Lakini arbuni, ile pesa ya kushika bidhaa ambayo muuzaji anabaki nayo mnunuzi akighairi, wanaikubali madhehebu ya Hanbali, ilhali madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, hawaikubali. Kwa hiyo kwa mtu anayejali hilo, swali zito la dunduliza ni duka litafanya nini na pesa yake akishindwa kumaliza.

Na hapo tunarudi kwenye zile friji nne.

Wakati unalipa, friji ni ya nani? Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatokana na sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, na kanuni yake ni hii: kama bidhaa haijatengwa na kujulikana kuwa ni hii hapa, umiliki hauwezi kuhama kwenda kwa mnunuzi, hata awe amelipa. "Friji ya milango miwili ya aina fulani" si friji fulani. Ni ahadi. Na hata ikitengwa, umiliki unahama pale pande mbili zilipokusudia uhame, na kadi nyingi za dunduliza zina mstari chini kabisa unaosema bidhaa ni mali ya duka mpaka malipo yakamilike.

Mfano mmoja maarufu kwa wanasheria ni wa Uingereza mwaka 1957. Kampuni ya Costa Rica ilinunua baiskeli 85 kutoka kwa kiwanda cha Kiingereza na kulipa kila kitu mapema. Baiskeli zikawekwa kwenye makasha, makasha yakaandikwa jina la mnunuzi, kilichobaki ni kuzipandisha melini. Kiwanda kikafilisika kabla ya hapo. Mahakama ikaamua baiskeli zilikuwa bado ni za muuzaji, kwa sababu makubaliano yalikuwa umiliki uhame zikishapakiwa. Mnunuzi akabaki kupanga foleni na wadai wengine. Kama makasha yenye jina hayakumwokoa yule, stika yenye jina lako juu ya friji haitakuokoa duka likifungwa. Itakuokoa na jambo lingine, ambalo ndilo la kawaida zaidi: friji yako kuuziwa mtu mwingine kwa kusahauliwa.

Kufilisika hakutokei kila siku. Kinachotokea mara nyingi ni bei. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Friji, televisheni na majiko yanaagizwa nje, kwa hiyo mzigo mpya ulikuja na bei mpya. Mteja aliyeanza kulipia friji ya 780,000 anafika na malipo ya mwisho, anaambiwa, "Mama, ule mzigo uliisha. Huu ni mpya, ni laki nane na nusu. Ongeza sabini tu." Mimi nilikuwa nimekaa pale na kalamu. Wengi waliongeza, kwa sababu walishatoa 780,000 na njia ya kurudi nyuma haikuwapo. Wachache walifungua pochi wakatoa kadi iliyoandikwa bei na kusema bei yangu hii hapa, na muhuri wenu huu hapa. Hao walipewa friji kwa bei yao, kila mmoja, bila mabishano marefu. Faida kubwa ya dunduliza ingekuwa ni kufunga bei wakati shilingi inashuka, lakini bei inafungwa na maandishi. Maneno ya kaunta hayaifungi.

Kwa hiyo kadi yako iwe na nini? Bei nzima, na neno kwamba haitabadilika mpaka tarehe fulani. Aina kamili ya bidhaa, ile namba ya modeli iliyoko kwenye kibandiko mgongoni mwa friji au kwenye boksi, maana "friji milango miwili" inaweza kugeuka ndogo zaidi siku ya kuchukua. Kama duka linakubali kutenga, iandikwe serial namba yenyewe. Kwa simu, IMEI ya kwenye boksi. Duka likikataa kuandika serial namba, usilichukie, ila fahamu kwamba limekwambia ukweli: hakuna friji iliyotengwa, unalikopesha. Basi punguza muda. Miezi miwili au mitatu ni hatari ndogo. Mwaka mzima wa kulikopesha duka la frem moja ni hatari kubwa.

Malipo yenyewe yaende kwenye lipa namba ya duka, na jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri liwe la biashara. Kesi chungu zaidi nilizoziona zilikuwa za wateja waliomtumia pesa muuzaji kwa namba yake binafsi kwa sababu "ni kijana mzuri, ananijua". Kijana akaacha kazi. Meseji za muamala zilikuwepo, lakini zilionyesha pesa imeenda kwa mtu, si kwa duka, na tajiri akasema yeye hazijui. Kila ukilipa, hakikisha na kadi yako na kaunta buku vyote vimeandikwa, jumla na salio, kwa kalamu ya wino, ukiwa umesimama pale.

Sasa kuhusu kushindwa kumaliza, maana hutokea. Mtoto anaugua, biashara inalala. Maduka mengi yana kauli moja: pesa hairudi, chagua kitu kingine cha thamani hiyo. Afrika Kusini hili wameliwekea sheria mahsusi tangu Sheria ya Kulinda Walaji ya 2008: pesa ya mteja si mali ya duka, bali duka linaitunza kwa niaba yake, akighairi anarudishiwa, ikikatwa adhabu isiyozidi asilimia 1 ya bei, na duka likishindwa kutoa bidhaa kwa kosa lake lenyewe, linamrudishia mara mbili ya alichotoa. Kwa friji ya 780,000, makato yangekuwa 7,800.

Sisi dunduliza inaangukia kwenye sheria za jumla. Lakini sheria za jumla si tupu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa kwa kuuvunja, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Yaani kuandikwa tu "pesa hairudi" hakulipatii duka haki ya moja kwa moja ya kumeza laki tano kwa hasara ya kuhifadhi friji ambayo haikutengwa. Duka linaweza kudai usumbufu wake, na hilo ni haki. Malipo ya kwanza ya kushika bidhaa yana hatari zaidi ya kupotea kuliko malipo ya kuendelea, kwa hiyo kianzio kiwe kidogo na kadi isiyaite malipo yote arbuni. Na kabla ya kufikiria mahakama ya mwanzo au Tume ya Ushindani, mpitie mwenye duka mwenyewe, si kijana wa kaunta, ukiwa na kadi na meseji zako zote zimepangwa kwa tarehe. Nimeona tajiri akirudisha pesa kwa mteja aliyekuja na karatasi, saa ileile aliyomzungusha aliyekuja na kilio.

Dada wa Tandika alimaliza siku chache baada ya miezi sita, kwa sababu mwezi wa nne mvua zilimzuia. Kadi yake ilikuwa na bei, modeli na muhuri. Serial namba duka lilikataa, kwa hiyo siku ya kuchukua alidai boksi lifunguliwe pale pale, friji ichomekwe, asikie kompresa ikianza na aguse ukuta wa ndani baada ya muda kuona kama unapoa. Waranti ilikuwa imeshaandikwa tarehe ya malipo yake ya kwanza. Nusu ya mwaka mmoja wa waranti ingekuwa imekwisha friji ikiwa bado stoo. Akaomba iandikwe upya kwa tarehe ya siku hiyo na risiti ya EFD ya bei nzima itoke na tarehe hiyohiyo. Walimwandikia.

Usafiri haukuwamo kwenye bei. Alikodi Kirikuu mpaka Tandika, friji ikiwa imesimama na kufungwa kamba, si kulazwa, na akaiacha mpaka jioni ndipo akaichomeka.